Pigo la Nani, Wakati Gani: Neno la Kiitaliano Linapofika Peke Yake

Msusi mmoja wa Malindi, mwanafunzi wangu wa zamani wa Kiitaliano, aliniletea ujumbe wa neno moja: “Colpi?” Hakutanguliza salamu wala maelezo, maana mteja alikuwa kitini. Mimi nilikuwa mezani nakula, nikamjibu kwa mkono mmoja: “Mapigo.” Baada ya dakika mbili akarudi: “Mapigo ya jua, mwalimu?” Hapo nikaweka kijiko chini. Mteja wake Mwitaliano alikuwa amemwambia anataka *colpi di sole*. Msusi alilichukua jibu langu, akaongeza la kamusi ya kwenye simu, iliyomweleza kuwa *colpo di sole* ni maradhi ya kupigwa na jua, akamwashia mama wa watu feni na kumletea maji baridi. Mama alikuwa akitaka nywele zake zitiwe michirizi ya rangi ya dhahabu, kama za mtu aliyeshinda ufukweni.

Nilijitetea moyoni kwamba sikukosea. *Colpi* ni wingi wa *colpo*, na *colpo* ni pigo. Kamusi yoyote itaniunga mkono. Lakini jibu sahihi lililomfanya msusi awashe feni badala ya kuchanganya rangi lina walakini mahali fulani, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza walakini huo uko wapi hasa. Wanafunzi huniuliza neno mojamoja kila siku. Je, neno likifika peke yake, bila sentensi, inawezekana kuchagua maana iliyo sahihi?

Mwaka 1949 Mmarekani Warren Weaver, katika waraka wake kuhusu kutafsiri kwa mashine, alitoa mfano ambao haujazeeka. Chukua ukurasa wa kitabu, ufunike kwa karatasi yenye tundu dogo la kutosha neno moja tu, kisha ulisogeze tundu hilo neno kwa neno. Kwa kila neno utakaloliona hutaweza kuamua maana yake. Panua tundu kidogo ili uone na majirani wa kushoto na kulia, na mambo yataanza kufunguka. Swali lililomshughulisha Weaver lilikuwa la upana: tundu liwe kubwa kiasi gani? Kwa maneno mawili ninayotaka kuyapima hapa, *colpo* na *tempo*, nimegundua kwamba upana haulingani, wala upande wa kupanulia si mmoja. Hayo yanatokana na namna kila neno lilivyojaliwa maana zake.

Tuanze na *colpo*. Asili yake ni neno la Kigiriki lililomaanisha kofi au ngumi, *kolafos*, likapitia Kilatini *colaphus* hadi Kiitaliano cha leo. Tangu hapo halijaacha tabia yake. Kila *colpo* ni tukio la ghafla, fupi, lenye nguvu, linaloisha mara linapoanza. Ukilishika hilo, umeshika kiini cha neno zima. Bunduki ikilia, huo ni *colpo*. Upepo ukivuma mara moja na kufungua dirisha, *colpo di vento*. Mtu akikohoa mara moja, *colpo di tosse*. Dereva akisinzia kwenye usukani kwa sekunde moja, *colpo di sonno*. Ukimpenda mtu papo kwa papo ulipomwona, hiyo ni *colpo di fulmine*, pigo la radi. Kiuno kikikamata ghafla ulipoinama kuokota ndoo, Waitaliano humsingizia mchawi na kukiita *colpo della strega*. Wanajeshi wakitwaa ikulu usiku, *colpo di stato*.

Msomaji wa Kiswahili haoni ajabu hapa, kwa sababu sisi tuna mtoto wa tumbo moja na huyu: kitenzi *piga*. Tunapiga simu, picha, pasi, kura, chafya, mswaki, hodi, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mgeni akikuuliza “piga ni nini?” utamwambia ni kugonga kwa mkono au fimbo, nawe utakuwa mkweli, ila atakapoambiwa “nipigie kesho” atajiuliza amekosa nini. *Piga* imebaki na kiini chembamba cha tendo, na nomino inayofuata ndiyo iliyobeba mzigo. *Colpo* ni hivyohivyo. Waitaliano nao hupeana *colpo di telefono*, yaani kupigiana simu kidogo, na hapo lugha hizi mbili zimekutana bila kuambizana.

Kwa hiyo jibu “pigo” ni la kweli kama mzizi, lakini kama tafsiri karibu halitumiki. Hebu jaribu kulipachika: pigo la kikohozi, pigo la usingizi, pigo la dola. Sentensi inakataa kila mara. Tundu la Weaver kwa *colpo* linahitaji kupanuliwa upande mmoja tu, kulia, kwa maneno mawili: *di* na kinachofuata *di*. Msusi wangu angeniandikia *colpi di sole*, ningekuwa nimebakiwa na kazi ndogo. Ndogo, lakini si sifuri, kwa sababu hata hapo kuna mtego. Katika umoja, *colpo di sole* ni maradhi, na kitenzi chake huwa *prendere*, kupata: mtu amepata *un colpo di sole* kwa kukaa juani. Katika wingi, na hasa pamoja na *fare* au *farsi*, kutengeneza au kutengenezewa, *colpi di sole* ni michirizi ya nywele. Herufi moja ya mwisho, *o* au *i*, ndiyo inayotenganisha zahanati na saluni.

Na herufi hiyo ilikuwa mbele ya macho yangu. Msusi aliandika *colpi*, si *colpo*. Watu wachache huandika wingi wa neno wanapouliza maana yake. Kwa kawaida mwanafunzi hulirudisha neno kwenye umoja kama linavyoonekana kwenye kamusi. Akilileta katika wingi, ujue amelinakili jinsi alivyolisikia au kuliona, na umbo hilo ni ushahidi. Ningejiuliza tu ni *colpi* gani husikika saluni, ningefika. Neno peke yake lilikuwa limekuja na mwisho wake, na mwulizaji wake, na saa yake. Mimi ndiye niliyelivua vyote hivyo.

Ila umbo nalo hudanganya. Simu za watu wengi haziandiki alama za mkazo, au wenye simu hawana subira nazo. *Colpì*, yenye alama juu ya *i*, ni kitenzi: alipiga, alichapa, aliathiri, katika wakati uliopita wa masimulizi. Bila alama inakuwa *colpi*, na sasa una nomino ya wingi mahali palipokuwa na kitenzi. Jirani yake kwa sauti ni *colpa*, ambayo haina undugu naye wowote: hiyo ni hatia au kosa, kutoka Kilatini *culpa*. Anayesikia kwa sikio tu katika kelele za ufukweni huweza kuleta *colpo* akiwa alisikia *colpa*, na hapo utachambua maana kumi za pigo wakati mgeni alikuwa akisema tu kwamba kosa ni lake.

Kuna kundi jingine la *colpo* ambalo halina *di* kabisa, na ndilo linalowashinda hata wanafunzi wazuri. *Fare colpo* ni kuwavutia watu, kuwaacha wakikutazama. Lakini *fare un colpo*, kwa kuongeza kijineno *un*, mara nyingi ni kufanya wizi mkubwa uliopangwa. Filamu ya Mario Monicelli ya mwaka 1958, *I soliti ignoti*, yote ni habari ya *colpo* wa namna hiyo, wa wezi wasio na ufundi. Magazeti ya michezo nayo huita *colpo* pale klabu inapomsajili mchezaji mkubwa ambaye wenzake walikuwa wakimmezea mate. *Di colpo* ni ghafla. *Sul colpo* ni papo hapo, na husomwa zaidi katika habari za ajali: fulani amefariki *sul colpo*. Hapa tundu linapaswa kupanuliwa kushoto badala ya kulia, kwa neno moja tu, lakini neno lenyewe ni dogo kiasi kwamba mwulizaji huliacha. Anaona *di*, *sul*, *un* kama makapi, anapepeta na kukuletea punje moja safi. Makapi ndiyo yaliyokuwa na jibu.

*Tempo* ni mnyama mwingine. Ukimkaribia kwa silaha ya *colpo* atakuponyoka, kwa sababu maana zake hazizunguki kiini kimoja kwa namna ileile. Zimejitenga na kukaa katika nyumba mbalimbali, na kila nyumba ina watu wake. Kwa mtu wa kawaida *tempo* ni muda au wakati. Kwa mvuvi na mtalii ni hali ya hewa. Kwa mwalimu wa sarufi ni njeo. Mwanafunzi wa Kiitaliano hufundishwa *tempi* nane katika hali ya kuarifu peke yake. Kwa mwanamuziki ni kasi ya mapigo, au sehemu moja nzima ya utunzi mrefu. Kwa mtangazaji wa mpira *primo tempo* ni kipindi cha kwanza, na kwa mwenye sinema ni nusu ya kwanza ya filamu, kabla taa hazijawashwa watu wakanunue vitafunio. Kwa fundi wa pikipiki, *due tempi* na *quattro tempi* ni idadi ya miendo ya pistoni katika mzunguko mmoja wa injini.

Ukoo wao unaonekana, bila shaka. Kilatini *tempus* kilikuwa kipande cha wakati, na hali ya hewa ni wakati unavyojionyesha angani. Neno la jamaa yake, *tempestas*, lilianza kama kipindi au msimu likaishia kuwa dhoruba. Kiswahili kina neno linalokaribia: *majira*. Majira ya mvua ni wakati na ni hewa kwa pamoja. Hata magazeti yamekubaliana: Roma ina gazeti liitwalo *Il Tempo*, lililoanzishwa mwaka 1944, na Dar es Salaam ikapata lake liitwalo *Majira*. Lakini ukoo huo hausaidii kutafsiri. Huwezi kumwambia mtu “tempo kwa msingi ni wakati” kisha umwache ajenge mwenyewe kutoka wakati hadi pistoni, kama anavyoweza kujenga kutoka pigo hadi kikohozi. Kwa *colpo* kiini hukufikisha karibu na mlango. Kwa *tempo* ni lazima ujue umeingia nyumba ya nani.

Hapa ndipo swali la neno moja linapogeuka. Mtu akiniuliza *colpo*, namwuliza: limefuatiwa na nini? Akiniuliza *tempo*, namwuliza: umeliona wapi? Likiwa kwenye kitufe cha jiko la umeme, ni muda wa kupika, ila atazame vizuri kama si *temp.* yenye nukta, ambayo kwa kawaida ni kifupi cha *temperatura*, yaani joto. Likiwa kwenye mkataba wa kazi pamoja na *indeterminato*, maana yake ajira haina tarehe ya kuisha, na ni habari njema. Likiwa kwenye karatasi ya muziki lenye *a* mbele yake, mpigaji anaambiwa arudi kwenye kasi ya awali baada ya kupunguza au kuongeza. Likiwa na herufi kubwa na *Il* mbele yake, huenda ni lile gazeti. Kwa mahali peke yake, bila sentensi yoyote, karibu umemaliza kazi.

Likitoka mdomoni mwa mtu, mahali hapakusaidii sana, basi sikiliza kijineno cha mbele. Mfano ninaoupenda darasani ni huu: *Che tempo fa?* na *Quanto tempo fa?* Maneno mawili ya mwisho ni yaleyale, kwa mpangilio uleule. La kwanza linauliza hali ya hewa ikoje. La pili linauliza ni muda gani uliopita. Kilichobadilika ni *che*, kipi au cha namna gani, na *quanto*, kiasi gani. Hali ya hewa haipimwi kwa kiasi, ina namna: nzuri, mbaya, ya mvua. Muda hauna namna, una kiasi: mwingi, kidogo, umekwisha. Na *fa* yenyewe imegeuka chini ya meza. Katika sentensi ya kwanza ni kitenzi cha *fare*, “inafanya”, katika ya pili imekauka ikawa “iliyopita”. Ukitoa *che* na *quanto*, unabaki na *tempo fa*, na hiyo peke yake Mwitaliano ataisikia kama “zamani kidogo”. Mwanafunzi aliyekatiwa mwanzo wa sentensi na upepo ataniletea hivyo, na mimi nitamjibu “zamani”, kumbe alikuwa ameulizwa kama kesho kuna mvua.

Kuna na wingi. *Tempi* mara nyingi ni zama: *ai miei tempi*, enzi zangu. Katika nyumba za muziki na mitambo ni wingi wa kuhesabika tu. Lakini hali ya hewa haina wingi wa kawaida. Mtu haongei habari za *tempi* akimaanisha mvua na jua. Kwa hiyo umbo la wingi hapa halikuchagulii maana, ila linafunga mlango mmoja, nalo hilo ni jambo. Mwangalifu atakumbuka pia kwamba *tempio*, hekalu, wingi wake wa kawaida ni *templi*, lakini *tempi* nayo imewahi kutumika. Anayesoma maandishi ya zamani kuhusu Sicilia na mahekalu yake ya Kigiriki ajihadhari.

Kosa la kamusi tusiliache bila kulisema, ingawa si kosa hasa. Kidahizo cha *tempo* katika kamusi nene hutanda safu kwa safu, na mwulizaji mwenye haraka huchukua maana ya kwanza. Kamusi nyingi hazipangi maana kwa kuangalia ipi itakusaidia leo. Nyingine huanza na ya zamani zaidi, nyingine na ya wazi zaidi kwa mantiki ya mtunzi. Nambari 1 si kura ya wasemaji. George Zipf alionyesha mwaka 1945 kwamba kadiri neno linavyotumika zaidi ndivyo linavyoelekea kuwa na maana nyingi zaidi. Ndiyo maana maneno ambayo mwanafunzi hukutana nayo wiki ya kwanza ndiyo yenye vidahizo virefu kuliko yote. Neno gumu la kitaalamu lina mstari mmoja kwenye kamusi, ilhali hili jepesi linakuvunja mgongo.

Utajuaje kama umechagua vibaya? Njia ninayoiamini ni kurudisha. Chukua maana uliyoichagua, itafute upya kwa Kiitaliano, uone kama unarudi kwenye neno lilelile. “Mara” ni wakati? Mwanafunzi akiandika *tre tempi* akimaanisha mara tatu, kurudisha kutamfichua, kwa sababu Kiitaliano kwa “mara” kina neno lake, *volta*. “Saa ngapi?” nayo haina *tempo* ndani yake, ni *ora*. Kurudisha kunafichua hata udhaifu wa upande wetu. *Colpo di stato* tunaitafsiri “mapinduzi”, na ni sawa. Lakini rudisha “mapinduzi” bila maelezo, na Mwitaliano atakuuliza: *colpo di stato* au *rivoluzione*? Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 kwa Kiitaliano ni *rivoluzione*. Jenerali anayemtoa rais ikulu ni *colpo di stato*. Kumbe neno letu moja nalo, likitolewa peke yake, humtia mgeni katika shimo lilelile tulilokuwa tukilalamikia.

Na kuna mahali ambapo tundu lipanuliwe hadi lionyeshe sentensi nzima, na bado lisitoshe. Mhudumu wa hoteli aliwahi kunisomea maneno ya mgeni wake: *Mi è venuto un colpo.* Sentensi imekamilika, sarufi haina doa, na maana ni mbili: nimeshtuka vibaya, au nimepatwa na kiharusi. Matumizi ya kila siku yanaelemea mshtuko, kwa sababu aliyepatwa na kiharusi kweli mara nyingi hana nafasi ya kukusimulia kwa nafsi ya kwanza. Akisema *a mio nonno*, babu yangu, mizani inageuka. Mhudumu alikuwa na kitu ambacho mimi kwenye simu sikuwa nacho: mgeni alikuwa ameshika bili. Nilimjibu maana zote mbili, nikamwambia atazame uso. Kwa maneno kama haya, kutoa jibu moja ni ujasiri usio na faida. Gharama ya kumpa mtu mstari wa pili ni sekunde kumi, na gharama ya kukosea huweza kuwa daktari aliyeitwa bure, au asiyeitwa.

Siku hizi msusi wangu hanitumii tena neno moja. Wiki iliyopita aliandika sentensi kamili: mteja amesema hawezi kuoshwa nywele leo, ana *un colpo d'aria*, ni nini? Nilifurahi, *di* ipo, jirani yupo, kijineno *un* kipo. Waitaliano huamini kwamba upepo wa dirisha wazi ukikupata shingoni ukiwa na jasho, utaamka na shingo ngumu au mafua. Maana ninaijua vizuri. Nikaanza kuandika, “amepigwa na upepo”, nikasita, nikafuta. Hapa pwani, mtu akiambiwa kapigwa na upepo, hatafutiwi skafu, anatafutiwa mganga.